Chuma kimetoka asilimia 103 kwenye titresheni ya pamanganeti. Kosa liko wapi?

#1 Kapeto
Wakuu, habari zenu. Tumepewa fuwele za feri salfeti, zile za kijani, FeSO4·7H2O, tuangalie zina usafi kiasi gani. Nimepima gramu 6.95, nikaziyeyusha kwenye maji yenye asidi, nikajaza mpaka 250 ml. Kama chumvi ni safi hiyo inatakiwa iwe 0.100 M. Kila safari navuta 25.0 ml kwa pipeti, naongeza 25 ml za asidi ya salfuriki ya 1 M, halafu nashusha pamanganeti ya potasiamu kutoka kwenye bureti. Pamanganeti nimeitengeneza mwenyewe, gramu 3.16 kwenye lita moja, yaani 0.0200 M.

Bureti inanipa 25.75 ml, na majibu yanafuatana vizuri tu. Lakini hesabu inagoma:

```
MnO4⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H2O
25.75 ml × 0.0200 M = 0.515 mmol za pamanganeti
0.515 × 5 = 2.575 mmol za chuma (nilitegemea 2.500)
```

Hiyo ni asilimia 103. Chumvi inawezaje kuwa na chuma kuliko chumvi yenyewe ilivyo? Kiwango cha mwisho nakiona vizuri, sijapitiliza.

#2 NjooTuone
Asilimia 103! Peleka sokoni hiyo, unauza kwa nyongeza 😂
Naweka kambi hapa.

#3 Sikitu
Mbona hujataja indiketa? Umeweka nini, fenolfthaleni au methili ya chungwa? Bila indiketa utajuaje umefika? Nadhani kosa lako linaanzia hapo.

#4 Mwinyi_Bureti
#3, pamanganeti haihitaji indiketa, yenyewe ndiyo indiketa. Ikidondokea kwenye chupa yenye chuma cha feri inageuzwa papo hapo kuwa Mn²⁺, ambayo kwa wembamba ule huioni rangi kabisa. Siku chuma kikiisha, tone linalofuata halina wa kumgeuza, linabaki na zambarau yake. Tone moja la 0.02 M ndani ya mililita mia linatosha kuacha uwaridi unaoonekana kwa macho ukiweka karatasi nyeupe chini ya chupa. Indiketa gani nyingine itakupa hivyo bure?

Fenolfthaleni inafuata asidi na besi. Hapo kuna asidi mwanzo mpaka mwisho, itakaa kimya.

Kapeto, swali langu ni moja. Hiyo 0.0200 M umeijuaje?

#5 Kapeto
Nimepima 3.16 kwenye mizani ya tarakimu nne, nikayeyusha kwenye lita moja ya maji ya distildi. 3.16 ukigawa kwa 158 ni 0.0200. Au?

#6 Mwinyi_Bureti
Hapo ndipo pa kuanzia. Hiyo ni namba ya kwenye karatasi, si namba ya kwenye chupa. Hiyo pamanganeti ina umri gani? Uliichuja?

#7 Profesa_wa_Kijiweni
Mkuu Mwinyi, naona unamzungusha dogo. Pamanganeti ya maabara lebo yake inaandika usafi wa asilimia 99 na kitu. Ukipima vizuri umemaliza. Mambo ya kuisanifisha ni ya zamani, enzi kemikali zilikuwa chafu.

Mimi naona kosa ni hewa. Feri inashambuliwa na oksijeni inakuwa feriki, kwa hiyo majibu yanaharibika. Angetumia maji yaliyochemshwa kufukuza hewa.

#8 Bi_Mizani
#7 umesema kweli nusu. Hewa inakula feri, sawa. Lakini feri ikipungua, pamanganeti inayohitajika inapungua pia. Angepata 24 na kitu, siyo 25.75. Hewa inavuta jibu chini, na shida yake iko juu.

Na kuhusu lebo, uchafu wa kwenye poda si tatizo kubwa. Tatizo linaanza ukishaiyeyusha. Maji ya distildi yana vumbi na mabaki ya vitu hai, na pamanganeti inavila vyote. Ikivila inaacha dioksidi ya manganizi, ule unga wa kahawia. Huo unga nao unachochea pamanganeti iliyobaki ijivunje yenyewe kwenye maji na kutoa oksijeni. Mwanga unaongeza kasi. Kwa hiyo chupa inazidi kudhoofika siku hadi siku, na wewe kichwani bado una 0.0200.

Dawa yake ndiyo hii: unayeyusha, unachemsha taratibu kama nusu saa hivi, unaacha ipoe na kutulia hadi kesho yake, unachuja kwa kichujio cha kioo, unahifadhi kwenye chupa ya kahawia. Karatasi ya kuchujia usiitumie, maana nayo ni chakula chake. Baada ya hapo ndipo unaipima nguvu kwa kitu unachokiamini. Usipime kabla ya kuchuja, utakuwa unapima kitu ambacho kesho si kilekile.

#9 Kapeto
Asante dada. Sikuchemsha wala kuchuja, karatasi ya maelekezo haikusema. Imekaa wiki nzima kwenye chupa ya kioo cheupe karibu na dirisha. Na sasa naona ukutani mwa bureti kuna doa la kahawia ambalo halitoki kwa maji.

#10 Sikitu
Kahawia! Basi jibu limepatikana, asidi yako haitoshi. Tulifundishwa asidi ikipungua pamanganeti inaishia kwenye unga wa kahawia badala ya kufika Mn²⁺.

#11 Mwinyi_Bureti
#10, kanuni yako ni sahihi ila umesoma haraka. Doa liko kwenye bureti, siyo kwenye chupa ya titresheni. Kwenye bureti hakuna asidi na haitakiwi kuwepo. Doa la huko ni lile alilosema Bi Mizani, dawa inajivunja yenyewe.

Ingekuwa asidi haitoshi, tope lingeonekana kwenye chupa yenye chuma, na mwisho wenyewe usingeuona, maana uwaridi ungefichwa na ukahawia. Pamanganeti inayoishia kwenye unga inachukua elektroni tatu badala ya tano, kwa hiyo unamwaga nyingi zaidi kwa kazi ileile, jibu linapanda. Kapeto, chupa ilikuwa angavu mpaka mwisho?

#12 Kapeto
Angavu kabisa. Inaanza kijani hafifu, inaenda manjano, mwisho inakuwa kama ganda la chungwa lililochanganyika na waridi.

#13 Mwinyi_Bureti
Basi asidi ilitosha. Na ukihesabu utaona: pamanganeti yako nusu milimoli ilihitaji milimoli nne za H⁺, wewe uliweka zaidi ya ishirini na tano. Hiyo ziada si ufujaji. Asidi inaliwa kadiri unavyoshusha, na unataka mwisho nao ukute asidi tele.

Ule uchungwa unatokana na feriki, ambayo ni ya njano. Ukiongeza asidi ya fosforiki kidogo kabla ya kuanza, inaishika feriki na manjano yanatoweka, waridi unausoma peke yake.

#14 Mtoto_wa_Kemia_B
Samahani kuingilia. Mimi wangu uwaridi unatokea halafu unapotea baada ya dakika moja mbili. Mwalimu wetu alisema ukipotea hujafika, ongeza. Nimeongeza, ukapotea tena, nikaongeza. Sasa sijui nisimame wapi.

#15 Bi_Mizani
Mdogo wangu, simama uwaridi ukiwa umekaa kama nusu dakika baada ya kutikisa. Kufifia baadaye ni kawaida. Ndani ya chupa kuna Mn²⁺ kibao uliyoitengeneza mwenyewe, na pamanganeti iliyozidi inaila polepole. Kwenye asidi ni polepole sana, ndiyo maana unapata huo muda wa kusoma. Ukiusubiri ukae milele utamwaga bureti nzima.

#16 Profesa_wa_Kijiweni
Au ni vumbi la hewani linaingia kwenye chupa iliyo wazi. Hilo hamlitaji.

#17 Bi_Mizani
Linawezekana pia, sibishi. Mivuke ya vitu kama spiriti inayofunguliwa meza ya jirani nayo inaweza kuuondoa. Vyovyote iwavyo, nusu dakika.

#18 Kapeto
Wakuu nimerudi. Nimefuata ushauri: nimechemsha dawa yote, nimeiacha usiku, nimeichuja kwa kioo. Kwenye kichujio kulibaki utando wa kahawia unaoonekana wazi. Kisha nikatumia oksaleti ya sodiamu. Nimepima gramu 0.1340, nikayeyusha kwenye maji na asidi ya salfuriki, nikapasha moto, nikashusha pamanganeti.

```
2MnO4⁻ + 5C2O4²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO2 + 8H2O
0.1340 g ÷ 134.0 = 1.000 mmol za oksaleti
1.000 × 2/5 = 0.400 mmol za pamanganeti
bureti: 20.35 ml
0.400 ÷ 20.35 = 0.01966 M
```

Chuma nimekirudia kwa dawa hii iliyochujwa, ikatoka 25.75 tena. Safari hii ni 25.75 × 0.01966 × 5 = 2.531 mmol. Asilimia 101.2. Imeshuka ila bado iko juu ya mia. Sasa?

Halafu kitu cha ajabu: kwenye oksaleti matone ya kwanza yalikaa na rangi muda mrefu, nikadhani nimemaliza kabla sijaanza. Baadaye yakaanza kupotea haraka haraka. Kwa nini?

#19 NjooTuone
Imeshuka kutoka 103 hadi 101.2, bado tu inauzwa na nyongeza.

#20 Mwinyi_Bureti
La matone kwanza. Oksaleti na pamanganeti hazichangamkiani mpaka Mn²⁺ iwepo kidogo, ndiyo inayochochea. Mwanzoni haipo, kwa hiyo tone la kwanza linasubiri. Likishageuka linazaa Mn²⁺, na la pili linakimbia. Ndiyo maana tunapasha moto, na ndiyo maana mwanzoni unadondosha moja na kungoja. Ukimwaga kwa pupa kipindi hicho unaona kahawia.

Sasa niambie, ulipasha mpaka wapi?

#21 Kapeto
Hakukuwa na kipimajoto. Niliacha mpaka mvuke ukawa mwingi na vipovu vikaanza kupanda kutoka chini, ndipo nikashusha.

#22 Mwinyi_Bureti
Nina wasiwasi hapo. Kazi hiyo inafanyika kwenye nyuzi 60 mpaka 70 hivi. Ukiikaribia kuchemka ndani ya asidi, asidi ya oksaliki inaanza kuvunjika yenyewe na kutoka kama gesi kabla pamanganeti haijaigusa. Oksaleti ikipungua kimyakimya, bureti inashusha kidogo, na wewe unaona dawa yako ina nguvu kuliko ilivyo. Ukiichukua nguvu hiyo ya uongo ukaipeleka kwenye chuma, chuma kinapanda. Inafuata upande uleule wa kosa lako.

Kwa mfano, kama nguvu halisi ni 0.0194, chuma chako kinarudi kwenye mia ya kawaida. Ungetakiwa kuona kama 20.6 kwenye oksaleti, siyo 20.35. Robo ya mililita tu.

#23 Bi_Mizani
Mkuu Mwinyi, nakuheshimu ila hapa tunatofautiana. Ili robo mililita ipotee kwenye 20, oksaleti zaidi ya asilimia moja ingebidi ivunjike. Kwa dakika chache za moto na asidi nyepesi sioni ikifika huko. Ningeuliza kwanza kama oksaleti ilikaushwa kwenye oveni nyuzi 105 kabla ya kupimwa. Ikiwa na unyevu, sehemu ya hizo 0.1340 ni maji, na matokeo yake ni yaleyale unayosema.

Lakini mimi siamini kosa liko kwenye pamanganeti tena. Naiangalia chumvi. Kapeto, fuwele zako ni kijani kibichi za kung'aa, au zina ungaunga mweupe juu?

#24 Kapeto
Oksaleti ilikaushwa, fundi maabara alikuwa ameitoa kwenye desiketa. Fuwele nyingi ni kijani, ila nyingine zina unga mweupe pembeni na chini ya kopo kuna vumbi jeupe. Nilichota zote pamoja.

#25 Bi_Mizani
Basi ni hapo. Ule weupe ni chumvi iliyopoteza maji yake kwa kukaa kwenye hewa kavu. Wewe umegawa kwa 278, uzito wa chumvi yenye molekuli saba za maji. Iliyopoteza maji ni nyepesi, kwa hiyo gramu 6.95 zinabeba chuma zaidi. Na hilo linajibu swali lako la mwanzo, chumvi inaweza kabisa kuvuka mia ukilinganisha na fomula ya kwenye lebo. Kwa 101.2 inatosha kupotea chini ya moja ya tano ya molekuli moja ya maji kwa wastani. Kopo lolote la zamani linafika huko.

#26 Profesa_wa_Kijiweni
Mnaenda mbali. Dogo anasoma vibaya bureti, basi. Pamanganeti ni nyeusi, ule mkunjo wa chini hauonekani. Akisoma mwanzo juu na mwisho chini anajiongezea sehemu moja au mbili za kumi za mililita.

#27 Mwinyi_Bureti
Profesa leo umegusa kitu. Pamanganeti inasomwa ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, na ukifanya hivyo kote tofauti inabaki sahihi.

Ila angalia, kama mkono ni uleule na jicho ni lilelile, kosa hilo limeingia kwenye oksaleti pia. Toa 0.10 kwenye ujazo wote wawili, 25.65 kwa 20.25, rudia hesabu. Chuma kinatoka 101.3. Hakijasogea. Hata kupitiliza tone moja kunajifuta hivyohivyo, mradi upitilize kila safari na ujazo ukaribiane. Hiyo ni faida ya kusanifisha ambayo watu hawaitaji. Kwa hiyo kosa tunalolitafuta lazima liwe limeingia upande mmja tu.

#28 NjooTuone
"mmja" 👀 jicho lilelile, mkono uleule.

#29 Fundi_Kabati
Nimesoma uzi wote, natoa kisa changu. Kazini tulikuwa na chuma kinatoka juu hivihivi, asilimia moja na ushee, tukahangaika na pamanganeti muda mrefu. Mwisho ikaonekana chupa ya asidi ilijazwa upya na mtu, lebo inasema salfuriki ndani ni haidrokloriki.

Haidrokloriki inaleta kloridi. Pamanganeti inaigeuza kloridi kuwa klorini, tena chuma kikiwepo ndiyo inachangamka zaidi. Kila kloridi inayoliwa inahesabiwa kama chuma. Kwenye oksaleti hakuna chuma, kwa hiyo uharibifu ni mdogo mno. Mkuu Mwinyi ulitaka kosa la upande mmoja, hili hapa.

Naitriki nayo haifai, ila yenyewe inakosea upande wa pili: inaoksidisha feri kabla ya bureti, jibu linashuka.

Kapeto, chukua asidi yako, izimue sana, dondosha nitreti ya fedha. Ikitoka wingu jeupe zito, kuna kloridi.

#30 Kapeto
Mkuu Fundi, lebo ya chupa ile imeandikwa kwa kalamu ya mkono kwa kweli. Nitreti ya fedha nitaiomba. Nikikuta kloridi, kazi yote nairudia?

#31 Fundi_Kabati
Ukibadilisha asidi unarudia chuma tu, siyo usanifishaji. Wanaolazimika kutumia haidrokloriki, mfano waliomeng'enya madini ya chuma, wanaongeza mchanganyiko wa Zimmermann na Reinhardt: salfeti ya manganizi, salfuriki na fosforiki. Hiyo Mn²⁺ ya ziada inaizuia kloridi isiguswe sana. Wewe huna sababu ya kufika huko.

#32 Sikitu
Jamani na lile doa la bureti linatokaje? Langu lina miezi.

#33 Bi_Mizani
Asidi ya oksaliki ya uvuguvugu, au peroksidi ya haidrojeni yenye asidi kidogo. Linayeyuka unaliona. Vidole pia, ila suuza vizuri. Na kama bureti yako ni ile ya mpira na kibano, usiitie pamanganeti, inakula mpira. Tafuta yenye bilula ya kioo.

#34 Mwinyi_Bureti
Kapeto, kabla hatujaendelea kubishana, tafuta chumvi ya Mohr, salfeti ya feri yenye amoniamu. Haipotezi maji ovyo wala hailiwi na hewa upesi. Gramu 9.80 kwenye 250 ml, asidi ileile, pamanganeti ileile. Ikitoka 100, mwenye haki ni Bi Mizani. Ikitoka 101, ni mimi au Fundi. Na oksaleti irudie kwa kipimajoto.

#35 Bi_Mizani
Nakubali, ila kwa sharti. Kama hiyo chumvi ya Mohr nayo imetoka kwenye kabati lilelile na kopo lilishafunguliwa, 101 haitathibitisha chochote. Achague fuwele angavu moja moja kwa kibano, aache vumbi. Tena hata na hizi za feri salfeti anaweza kufanya hivyo leo, bila kutafuta kitu kipya.

#36 Fundi_Kabati
Na akichagua angavu ikatoka 101 bado, nisikie nitreti ya fedha inasemaje.

#37 Mtoto_wa_Kemia_B
Wakuu, nusu dakika mliyosema inahesabiwa tangu tone liingie au tangu niache kutikisa?

#38 Bi_Mizani
Tangu uache kutikisa.

#39 Profesa_wa_Kijiweni
Tangu tone liingie.